Shamba Lisilo Mraba: Lipime kwa Pembetatu



Ukimwuliza mkulima ekari moja ni kiasi gani, mara nyingi atakujibu, "Hatua sabini kwa hatua sabini." Jibu hilo ni zuri. Ekari moja ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo mtu anayepiga hatua ndefu ya yadi moja, yaani sentimita 91, atakuwa karibu na ukweli.

Lakini hesabu hiyo ni ya shamba la mraba. Je, shamba lako ni la mraba? Mashamba mengi vijijini hayako hivyo. Upande mmoja hufuata mto, upande mwingine hufuata barabara, na kona moja imesukumwa ndani na shamba la jirani. Shamba la namna hiyo utalipimaje?

Katika kazi yangu ya ubwana shamba nimeona watu wengi wakitumia njia moja. Hupima pande zote nne. Kisha huchukua pande mbili zinazotazamana, huzijumlisha na kugawa kwa mbili. Hufanya hivyo kwa pande mbili zilizobaki. Mwisho huzidisha majibu hayo mawili. Njia hii inaonekana kuwa ya haki, lakini ina kasoro kubwa. Shamba likiwa limepinda, njia hii huliongeza ukubwa. Hailipunguzi hata siku moja.

Anayelima kwa trekta la kukodi hulipa kwa ekari. Anayekodi shamba hulipa kwa ekari. Basi ekari zisizokuwapo nazo hulipiwa.

JARIBU KWA MABUA MANNE

Chukua mabua manne ya mtama. Yafunge kwenye ncha kwa kamba ili yafanye umbo kama fremu ya dirisha. Yaweke chini. Sasa sukuma kona moja polepole. Utaona fremu inalala upande. Ukiendelea kusukuma, mabua yanakaribiana mpaka nafasi ya katikati inakwisha kabisa.

Angalia jambo hili vizuri. Urefu wa mabua haukubadilika hata kidogo, lakini nafasi iliyo ndani imepungua. Maana yake ni kwamba urefu wa pande nne peke yake hauwezi kukuambia ukubwa wa shamba.

Sasa fungua bua moja. Funga matatu yaliyobaki yafanye umbo la pande tatu. Sukuma tena. Halilali. Ndiyo sababu fundi wa nyumba hutengeneza kenchi za paa kwa pembetatu. Ukiijua mistari mitatu ya pembetatu, umbo lake ni moja tu, na ukubwa wake ni mmoja tu.

Kwa hiyo dawa ya shamba lililopinda ni kuligawa katika pembetatu. Shamba lenye kona nne hutoa pembetatu mbili. Lenye kona tano hutoa tatu. Lenye kona sita hutoa nne. Hesabu kona, kisha toa mbili.

VIFAA

Utahitaji kamba ya mita 20, fito ndefu zenye vitambaa vyeupe, vijiti kumi vifupi, kamba nyingine ya mita 12 na ziada kidogo ya kufungia, karatasi na kalamu. Uwe na wenzako wawili.

Pima kamba yako kwa futikamba ya fundi kabla ya kuanza kazi, na uipime tena ukimaliza. Kamba ya katani hufupika ikilowa umande. Kamba ya nailoni hurefuka ikivutwa. Kosa la kamba ni baya kwa sababu hujirudia kila unapoilaza chini. Tena katika kupata eneo unazidisha urefu kwa urefu, kwa hiyo kosa linaingia mara mbili.

MFANO WA SHAMBA

Tuchukue mfano wa shamba lenye kona nne lililo kati ya kijito na barabara. Kona ya kwanza ina mwembe. Ukizunguka, kona ya pili ina jiwe, ya tatu ina kichuguu, na ya nne ina mkuyu. Pande zake ni hizi:

Mwembe hadi jiwe: mita 86.
Jiwe hadi kichuguu: mita 121.
Kichuguu hadi mkuyu: mita 93.
Mkuyu hadi mwembe: mita 104.

Sasa fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza. Simika ufito wenye kitambaa katika kila kona. Kisha chora umbo la shamba kwenye karatasi. Si lazima liwe zuri. Andika jina la kila kona.

Hatua ya pili. Chagua mstari mkuu. Huu ni mstari unaokata shamba kutoka kona moja hadi kona inayoikabili. Chagua ulio mrefu zaidi, lakini uwe ndani ya shamba lako mwanzo hadi mwisho. Kwa shamba letu tunachagua mstari wa kutoka mwembe hadi kichuguu.

Hatua ya tatu. Nyoosha mstari mkuu. Wewe simama nyuma ya ufito wa mwembe na utazame ufito wa kichuguu. Mwenzako asimame katikati akiwa na ufito mwingine. Mwelekeze kwa mkono, kulia au kushoto, mpaka fito tatu zionekane kama ufito mmoja. Hapo asimike. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Bila fito hizo watu wa kamba huenda upande, na mstari unakuwa mrefu kuliko ulivyo.

Hatua ya nne. Pima mstari mkuu. Mtu wa mbele achukue vijiti kumi. Kila kamba ikinyooka, achomeke kijiti kimoja mwisho wake. Mtu wa nyuma akifika hapo aking'oe na akae nacho. Mwisho wa safari, vijiti alivyo navyo mtu wa nyuma ndiyo idadi ya kamba. Usitegemee kuhesabu kwa mdomo, maana mtu mmoja akiwasalimu njiani mtasahau. Katika shamba letu mtu wa nyuma amepata vijiti tisa, na hakuna kipande kilichobaki. Tisa mara 20 ni mita 180.

KUTAFUTA KIMO

Sasa tuna pembetatu mbili. Moja ina mwembe, jiwe na kichuguu. Nyingine ina mwembe, mkuyu na kichuguu. Mstari mkuu ni kitako cha zote mbili. Inabaki kupata kimo cha kila moja. Kimo ni umbali wa kutoka kona hadi kwenye kitako, kwa njia iliyosimama wima juu ya kitako kama zilivyo pande mbili za kona ya daftari. Usikubali njia ya kwenda mshazari.

Ili kupata kona ya daftari shambani, chukua kamba ya mita 12. Weka alama penye mita 3 na penye mita 7. Funga mwanzo na mwisho wake pamoja penye mita 12. Umepata duara lenye vipande vitatu: kimoja cha mita 3, kimoja cha mita 4 na kimoja cha mita 5. Watu watatu washike alama tatu na kuvuta mpaka vipande vyote vinyooke. Kona iliyo kati ya kipande cha 3 na kipande cha 4 itakuwa kona ya daftari kamili. Waashi hutumia njia hii hii wanapoweka msingi wa nyumba.

Laza kipande cha mita 4 juu ya mstari mkuu. Kipande cha mita 3 kielekee upande wa jiwe. Aliyeshika kona ya daftari atazame kufuata kipande cha mita 3. Je, kinaelekea kwenye ufito wa jiwe? Kama kinapita kushoto kwake, wote watatu wasogee kulia juu ya mstari. Kama kinapita kulia, wasogee kushoto. Kikielekea sawasawa kwenye ufito, chomeka kijiti chini ya kona ya daftari.

Hapo usiogope sana. Ukikosea kijiti hicho kwa mita 2, na jiwe liko mbali mita 50, kimo chako kitazidi kwa sentimita 4 tu. Bora kutumia muda wako kunyoosha kamba na kuhesabu vijiti vizuri.

Katika shamba letu, kijiti cha jiwe kimekuwa mita 70 kutoka kwenye mwembe. Kutoka kijiti hadi jiwe ni mita 50. Upande wa pili, kijiti cha mkuyu ni mita 96 kutoka kwenye mwembe. Kutoka hapo hadi mkuyu ni mita 40. Andika yote kwenye mchoro wako.

HESABU

Eneo la pembetatu ni kitako mara kimo, gawa kwa mbili.

Pembetatu ya jiwe: 180 × 50 = 9,000. Gawa kwa 2, unapata mita za mraba 4,500.

Pembetatu ya mkuyu: 180 × 40 = 7,200. Gawa kwa 2, unapata mita za mraba 3,600.

Jumla: 4,500 + 3,600 = mita za mraba 8,100.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Gawa 8,100 kwa 4,047. Unapata ekari 2.

Pengine utauliza, kwa nini tunagawa kwa mbili? Tazama tena mchoro wa upande wa jiwe. Kimo kimekata pembetatu hiyo katika vipande viwili. Cha kwanza ni nusu ya mstatili wa mita 70 kwa 50, uliokatwa kutoka kona hadi kona. Nusu yake ni 1,750. Cha pili ni nusu ya mstatili wa mita 110 kwa 50. Nusu yake ni 2,750. Jumlisha: 4,500. Ni jibu lile lile.

Sasa tulipime shamba hilo hilo kwa njia ya pande zinazotazamana. Mita 86 na 93, katikati yake ni 89.5. Mita 121 na 104, katikati yake ni 112.5. Zidisha 89.5 kwa 112.5, unapata karibu mita za mraba 10,069. Hizo ni karibu ekari mbili na nusu.

Nusu ekari imetoka wapi? Haipo. Ni sawa na ile fremu ya mabua iliyolala upande huku watu wakiihesabu kama imesimama.

HASARA YA NUSU EKARI

Tuseme kulima kwa trekta ni shilingi 60,000 kwa ekari. Mwenye shamba hili ataombwa shilingi 150,000 badala ya 120,000. Amelipa shilingi 30,000 kwa ardhi ambayo jembe halikuigusa. Kama shamba ni la kukodi, atalipa nusu ekari hiyo tena kwa mwenye ardhi, na tena msimu ujao. Kama anatumia mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia kwa ekari, atanunua nusu mfuko zaidi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Tuseme amevuna magunia 30 ya mahindi. Akiamini shamba ni ekari mbili na nusu, atasema amepata magunia 12 kwa ekari. Kweli amepata 15. Anaweza kuilaumu mbegu nzuri na kuiacha, kumbe mbegu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kupima.

HAKIKISHA JIBU LAKO

Shamba lenye kona nne lina mistari mikuu miwili. Tumetumia wa mwembe na kichuguu. Ukitaka kuhakikisha, pima upya kwa mstari wa jiwe na mkuyu. Utapata pembetatu nyingine kabisa, lakini jumla inapaswa kuwa ile ile.

Katika shamba letu mstari huo ni mita 94. Kimo cha upande wa mwembe ni mita 81, na cha upande wa kichuguu ni mita 92. Fanya hesabu: 94 × 81, gawa kwa 2, ni 3,807. Na 94 × 92, gawa kwa 2, ni 4,324. Jumla ni 8,131.

Mara ya kwanza tulipata 8,100. Tofauti ni mita za mraba 31, kama ukubwa wa chumba cha mita 5 kwa 6. Tofauti hiyo imetokana na kuacha sentimita katika vipimo, nayo ni ndogo. Lakini kama tofauti ingekuwa 200 au 300, tungejua kuna kosa. Mara nyingi kosa huwa ni kamba moja iliyosahauliwa kuhesabiwa.

MTO ULIOPINDA NA MLIMA

Mpaka wa mto haunyooki. Usifuate kila kona ya maji. Simika fito pale mto unapobadili mwelekeo sana, na kila ufito uwe kona ya shamba. Kati ya fito mbili nyosha mstari kiasi kwamba kipande cha shamba kilichobaki nje kinalingana, kwa kukisia, na kipande kisicho chako kilichoingia ndani. Hivyo viwili vitafidiana. Kisha gawa umbo lote katika pembetatu.

Kwenye mteremko usilaze kamba juu ya ardhi. Mtu wa chini ainue mwisho wa kamba mpaka kamba ilale sawa kama maji yaliyotulia. Mteremko ukiwa mkali, pima vipande vifupi vya mita 5. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 5 katika kamba moja ya mita 20, urefu wa usawa ni mita 19 na sentimita 36 tu. Ekari huhesabiwa kwa usawa. Ukipima kwa kufuata mteremko, shamba litaongezeka tena ukubwa bila kuongezeka.

MPAKA WA NJIA HII

Kipimo hiki kinatosha kwa kulipia trekta, kukodi shamba, kununua mbegu na mbolea, na kujua mavuno kwa ekari. Hakiamui mpaka uko wapi. Kama wewe na jirani hamkubaliani mahali pa ufito wa kona, kamba haitawapatanisha. Jambo hilo hupelekwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwanza kona zikubaliwe na pande zote mbili, halafu ndipo kamba ifuate. Tena ni vizuri jirani awepo mnapopima.

ZOEZI

Shamba lina kona tano, kwa hiyo lina pembetatu tatu. Ya kwanza ina kitako cha mita 100 na kimo cha mita 30. Ya pili ina kitako cha mita 100 na kimo cha mita 60. Ya tatu ina kitako cha mita 90 na kimo cha mita 26. Shamba hili ni ekari ngapi? Fanya hesabu kwanza kabla ya kusoma jibu.

Jibu: 1,500 + 3,000 + 1,170 = mita za mraba 5,670. Gawa kwa 4,047. Ni ekari 1.4.